Namna ya kupanga somo la haki za kisheria kwa kikundi cha kina mama: swali moja, hadithi moja, dakika 90

Semina nyingi za haki za wanawake zinafeli kabla hazijaanza, kwa sababu mtoa mada amebeba ndoa, talaka, mirathi, ardhi, matunzo ya watoto na ukatili vyote kwenye saa mbili. Wanawake wanasikiliza vizuri, wanapiga makofi, wakitoka mlangoni ukimuuliza mmoja leo umejifunza nini anakuambia "tumefundishwa haki zetu". Haki gani? Kimya. Kwa hiyo mimi nashauri uchukue swali moja tu, liwe swali ambalo mtu anaweza kukutana nalo mwezi ujao nyumbani kwake, halafu somo zima lizunguke hapo.

Kwenye mwongozo huu nachukua swali hili: je, mwenzangu anaweza kuuza au kuweka dhamana ya mkopo nyumba tunayoishi bila mimi kukubali? Nimelichagua kwa sababu lina sheria inayoeleweka, lina karatasi za kushika mkononi, na lina wakati wa kuchelewa, yaani mtu akijua mapema anaokoa kitu na akijua baada ya mauzo anahangaika miaka. Ukishajua kulipanga hili, mada nyingine utazipanga kwa njia hiyohiyo.

Kabla ya siku yenyewe

Nenda kaongee na mwenyekiti au katibu wa kikundi kama wiki moja kabla. Usimuulize "mnataka kujifunza nini" maana atakujibu "haki zetu" na mtakuwa mmerudi kulekule. Muulize hivi: kwa mwaka huu ni ugomvi wa namna gani wa mali umeingia kwenye nyumba za wanakikundi, bila kutaja majina. Muulize pia wengi wao wameolewa kwa ndoa ya namna gani, ya dini, ya serikali, ya kimila, au wanaishi tu na mwanaume bila ndoa. Swali hili la pili ni la muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu sheria ikisema "mume au mke" inabidi ujue nusu ya watu waliokaa mbele yako wanahesabika au hawahesabiki, na kama hujajiandaa utatoa somo zuri kabisa ambalo haliwahusu. Mambo mengine madogo uliza haraka: kuna wasiosoma, kuna wenye watoto wachanga, wanatakiwa kuondoka saa ngapi, na wanaume watakuwa wanapitapita pale au hapana.

Halafu ndo unaingia kwenye sheria. Tafuta sheria ya nchi yako, toleo lenye marekebisho, usitegemee karatasi ya semina ya miaka iliyopita wala voisi noti ya wasap. Ukiisoma hiyo ibara tafuta vitu vinne tu: inamlinda nani, inalinda kitu gani, kuna "isipokuwa" gani, na ikivunjwa mtu anaenda wapi. Hiyo "isipokuwa" ndo watoa mada wengi wanairuka, na ndo inayokuja kumuumiza mama mahakamani.

Nitoe mfano wa Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mume au mke wakati ndoa bado ipo, bila ridhaa ya mwenzake, na huyo mwenzake anaweza kuweka zuio. Inamlinda nani? Mume au mke, wote wawili. Inalinda nini? Nyumba ya ndoa, sio kila mali ya huyo mwenzako. Isipokuwa gani? Mnunuzi akionyesha kwamba hakujua kuna mwenza na hata angeulizia vizuri asingejua, hali yako inakuwa ngumu zaidi. Kenya nayo wana Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ambayo kifungu cha 12 kinadai ridhaa ya mwenza kwenye mali ya ndoa, lakini maneno yake na mipaka yake sio sawasawa na ya Tanzania. Kwa hiyo ukikuta mfano mzuri wa nchi jirani usiuhamishe kama ulivyo, utakuwa unafundisha sheria ya watu wengine.

Ukishapata vile vitu vinne viandike kwa sentensi tatu, halafu mpelekee wakili au msaidizi wa kisheria azisome. Sentensi tatu hamna mtu anakosa muda wa kuzisoma. Ukimpelekea mada yenye kurasa ishirini atakwambia "iko vizuri" bila kuifungua.

Kuivunja lugha ya sheria

Hapa ndo kazi kubwa ilipo na ndo nitakaa kidogo. Watu wanadhani lugha rahisi ni kubadilisha neno gumu kwa neno jepesi, ukishaandika "kukubali" badala ya "ridhaa" umemaliza. Hapana. Kinachomchanganya msikilizaji zaidi ni kwamba sentensi ya sheria haina watu ndani yake. Angalia hii, imeandikwa kwa mtindo wa kisheria:

"Maslahi katika nyumba ya ndoa hayatahamishwa kwa njia ya mauzo, zawadi, upangishaji, rehani au vinginevyo pasipo ridhaa ya mwanandoa mwingine wakati ndoa ikiwa bado ipo."

Maneno yote ni ya Kiswahili na bado mtu haoni anayefanya nini. Nani anahamisha? Maslahi ndo nini? Sasa itoe upya ukiweka watu na vitendo:

"Mkiwa bado mmeoana, nyumba mnayoishi mwenzako hawezi kuiuza, kumpa mtu zawadi, kuipangisha wala kuiweka dhamana ya mkopo mpaka wewe ukubali, na wewe pia huwezi mpaka yeye akubali. Ni hivyo hata kama hati ina jina la mmoja."

Hii ya pili ni sentensi mbili, zote zinasemeka kwa mdomo bila kukata pumzi. Kipimo changu ni hicho, isome kwa sauti, ukikwama mahali ujue na wao watakwama. Kipimo cha pili, msomee mtu mmoja ambaye hajasoma sheria, mwambie akurudishie kwa maneno yake. Akikurudishia kwa maneno yako mwenyewe neno kwa neno, hajaelewa, amekariri.

Kuna maneno machache ambayo usiyafute hata kama ni magumu, kwa sababu mama atakutana nayo kwenye karatasi au dirishani kwenye ofisi. Ridhaa, rehani, zuio, hati. Haya yafundishe kama yalivyo, kila neno kwa mfano mmoja. Ridhaa ni kukubali kwa hiari yako ukiwa unajua unachokubali, ukitishwa hiyo sio ridhaa. Rehani ni nyumba kushikwa na mkopeshaji mpaka deni liishe. Zuio ni taarifa inayowekwa kwa msajili wa hati kwamba kuna mtu mwingine ana haki hapa, asiuziwe mtu bila huyo kusikilizwa. Maneno manne yanatosha kwa siku moja.

Na sentensi ya tatu kati ya zile tatu zako lazima iwe ya mpaka, yaani ya kusema sheria haifanyi nini. Kwa mfano huu ingekuwa: "Sheria hii ni ya nyumba mnayoishi, haisemi kwamba kila alichonacho mwenzako ni nusu yako." Ukiikosa hiyo utaona madhara yake kwenye maswali.

Hadithi yenye vituo vitatu

Somo zima linabebwa na hadithi moja ya kutunga. Sio visa vitano. Mhusika mpe jina ambalo kwenye kikundi hamna mwenye nalo wala hamna mtoto mwenye nalo, muulize katibu kabla. Na usichukue kisa cha kweli cha mtaani hapo ukabadilisha jina tu, watamtambua kabla hujafika katikati na kuanzia hapo hamna atakayesikiliza sheria, wote watakuwa wanamwangalia mtu mmoja. Badilisha kazi, idadi ya watoto, namna mali ilivyopatikana, badilisha hata mwisho wake.

Yangu huwa iko hivi. Mama Tunu na mume wake wameoana wakiwa hawana kitu. Mume ameajiriwa, Mama Tunu anashona nguo nyumbani. Kiwanja kimelipiwa na mshahara wa mume, matofali wamenunua pole pole wote wawili, mabati yametoka kwenye cherehani. Mafundi walikuwa wanasimamiwa na Mama Tunu huku mtoto yuko mgongoni. Hati ikatoka ina jina la mume peke yake.

Kituo cha kwanza: siku moja Mama Tunu yuko nyumbani, anaingia mwanaume asiyemjua na futi kamba anaanza kupima uwanja. Anamuuliza wewe nani, anajibu "mimi ndo nanunua hapa, nimeshatoa advansi."

Simama hapo. Uliza: mume anaweza kuuza peke yake kwa sababu hati ina jina lake? Wapigishe kura wakiwa wamefumba macho, anayesema anaweza anyooshe mkono, halafu anayesema hawezi. Kufumba macho sio mchezo wa kitoto, wakiona mwenyekiti amenyoosha wote watanyoosha na utapata kura ya mtu mmoja. Hesabu kimya kimya, andika pembeni, hiyo namba utaihitaji mwishoni. Halafu waache wabishane kama dakika kumi hivi na wewe usijibu. Hapa ndo utasikia wanachoamini kweli, "mwenye hati ndo mwenye mali", "mimi sikuchangia hela", "nikiongea nitaambiwa nina tamaa". Yaandike kwenye flipchati kwa maneno yaleyale waliyotumia.

Ndipo unatoa zile sentensi tatu. Na unarudi kwenye flipchati kujibu moja moja kwa kutumia Mama Tunu. "Sikuchangia hela" inajibika vizuri sana: Tanzania, Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali waliyochuma pamoja, na sheria ya Kenya ya 2013 nayo imeandika wazi kwamba kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia ni mchango. Lakini usiishie hapo. Mchango kuhesabika haina maana ni nusu kwa nusu. Mahakama inaangalia kila mmoja kachangia nini, na Kenya Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema wazi kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Lazima uwaambie ukweli huu hata kama haupigiwi makofi.

Kituo cha pili ndo ninachokipenda mwenyewe. Mauzo yameshindikana. Miezi miwili baadaye mume anarudi usiku na karatasi za mkopo, kurasa kadhaa, anamwambia "saini hapa chini tu, ni utaratibu wa benki, kesho asubuhi nazipeleka." Mama Tunu amechoka, mtoto analia, kalamu iko mezani.

Uliza: afanye nini? Usikubali jibu la "akatae". Wengi watasema akatae kwa sababu wanajua ndo jibu unalolitaka, na nyumbani mtu akiambiwa hivyo usiku hakatai, anasaini. Waulize aseme sentensi gani, kwa mdomo, sasa hivi. Wapange wawili wawili, mmoja mume mmoja Mama Tunu, dakika tatu kisha wabadilishane. Utasikia sentensi nzuri zinatoka kwao wenyewe: "niachie nisome kesho kukipambazuka", "nataka twende wote benki nisikie wenyewe wanasemaje", "hela ni kiasi gani na tukishindwa kulipa wanachukua nini". Hizo ziandike. Halafu toa fomu ya mfano uliyotengeneza mwenyewe, ukurasa mmoja, herufi kubwa, wakae vikundi vidogo watafute sehemu tatu: jina la mkopaji, kitu kilichowekwa dhamana, na mstari wa mwenza kusaini. Wasiosoma wakae na wanaosoma, kila kikundi angalau msomaji mmoja.

Jambo la kusema hapa kwa uzito ni hili: saini yake kwenye ule mstari ndo ridhaa yenyewe. Watu wanajua kwamba mume hawezi kuuza bila mke kukubali, ila hawajui kwamba "kukubali" kwenye sheria ndo kile kisaini cha usiku. Akishasaini, kuja kusema "sikuelewa" inawezekana lakini ni kazi ngumu, inabidi athibitishe alidanganywa au alilazimishwa.

Kituo cha tatu ni kifupi. Mama Tunu hajasaini, lakini anaogopa mume atamtafuta mtu mwingine ajifanye mke akasaini. Afanye nini kesho asubuhi na aende wapi? Kituo hiki hakina ubishi, kina hatua tu. Akusanye kopi za alichonacho: cheti cha ndoa, kopi au hata picha ya hati, risiti za ujenzi kama zipo, vyeti vya watoto. Kopi zikae kwa mtu anayemwamini nje ya nyumba. Kisha aende kwa msaidizi wa kisheria au ofisi ya msaada wa kisheria waandike barua au waombe zuio.

Hiyo ofisi utakayowatajia, ipigie simu au nenda mwenyewe kabla ya semina. Wapo siku gani, ni bure au kuna gharama, wanataka karatasi gani, kuna mwanamke wa kumhudumia. Ukimtuma mama mahali akakuta kufuli hatarudi tena, na atawaambia wenzake. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na Kenya ya 2016, kwa hiyo huduma ya bure kwa asiye na uwezo sio hisani, imo kwenye sheria, ila bado inabidi ujue mlango wenyewe uko wapi.

Dakika 90 zinavyogawanyika

Salamu na makubaliano dakika 5. Kituo cha kwanza na ubishi wake 20. Sheria yenyewe 15. Kituo cha pili 20. Kituo cha tatu 15. Maswali 10. Kurudishiwa 5. Ukichelewa kuanza, na utachelewa, punguza kwenye sheria, usipunguze kituo cha pili wala cha tatu. Watoa mada wanafanya kinyume, wanaimaliza sheria yote halafu "wapi pa kwenda" inasemwa watu wakiwa wamesimama wanatafuta viatu.

Kwenye makubaliano mwanzoni sema mambo mawili tu. La kwanza, tunaongelea Mama Tunu, hatuongelei ya mtu aliyeko hapa, mwenye la kwake tutakaa pembeni baadaye. La pili, mimi naeleza sheria kwa ujumla, la kwako linahitaji mtu aone karatasi zako. Kama wewe sio wakili hilo la pili linakulinda pia, maana kuna mstari kati ya kutoa elimu na kumshauri mtu afanye nini kwenye kesi yake, na mstari huo ukiuvuka kwa nia njema anayeumia ni yule mama.

Projekta na slaidi siwekei mkazo. Kama zipo sawa. Flipchati na kalamu mbili zinatosha.

Maswali yatakayokuja na yanavyoharibu

Swali la kwanza karibu kila mahali: "Mimi hatujafunga ndoa ila tumekaa miaka mingi, nahesabika?" Hapa ndo uvumi umejaa. Kuna wanaoamini miezi sita inatosha. Tanzania kifungu cha 160 cha ile Sheria ya Ndoa kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii inawachukulia kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba wameoana, lakini ni dhana tu, mwenzako anaweza kuipinga kwa ushahidi. Kenya hamna namba ya miaka iliyowekwa, mahakama inaangalia mazingira yote. Kwa hiyo jibu lako liwe la nchi yako na limalizie kwa ushahidi gani mtu aanze kutunza leo: nani anawajua kama mke na mume, watoto wana majina gani kwenye vyeti, kuna karatasi yoyote mmeandikishwa pamoja.

Swali la pili linauma zaidi: "Nyumba tumejenga sisi ila kiwanja ni cha baba mkwe." Usimpe matumaini ya haraka. Ile sentensi ya kwanza inalinda nyumba ambayo mume au mke ndo mwenye haki nayo, kama ardhi ni ya mtu wa tatu mambo yanabadilika kabisa na huenda anachoweza kudai ni gharama alizoweka badala ya nyumba. Mwambie hili linahitaji karatasi zionekane, muandike kwenye orodha ya watakaokaa na msaidizi wa kisheria. Vilevile kwa mwenye mume mwenye wake wawili, usijibu kwa ujumla, nyumba ipi anaishi nani na ilipatikana lini vinabadilisha jibu.

Swali la tatu linaweza kutoka kwa mwanaume aliyesimama dirishani au kwa mama mkwe aliyemo ndani: "kwa hiyo mnawafundisha kupindua nyumba?" Jibu lake ulishalisema kwenye sentensi ya kwanza, na wewe pia huwezi mpaka yeye akubali. Sheria inamlinda mume vilevile mke akitaka kuuza nyumba yenye jina lake. Likiwa limeandikwa ukutani tangu mwanzo unalionyesha tu kwa kidole, huhitaji kubishana.

Halafu kuna lile ambalo sio swali. Mama anasimama, anaanza "sasa mimi mume wangu juzi alinishika shingo akitaka nisaini…" mbele ya watu wote. Watoa mada wengi wanamwacha aendelee kwa sababu ni ushuhuda mzito na ukumbi umetulia. Mkatize kwa upole. Mwambie "mama, asante kwa kutuamini, hili ni kubwa, tukae mimi na wewe tukimaliza, usiendelee hapa." Akishamaliza kusimulia hadharani habari inaweza kumfikia mume kabla yeye hajafika nyumbani. Mkikaa pembeni usimuulize maelezo yote kama polisi, uliza mambo machache: leo kurudi nyumbani ni salama, kuna mtu wa kwenda kwake, anataka nini. Na usimuahidi siri ya asilimia mia kama kuna mtoto anayeumizwa, huenda sheria yako inakutaka utoe taarifa, kwa hiyo mwambie hilo kabla hajaanza kuongea. Ukiwa na mwenzako wa pili kwenye somo ndo vizuri zaidi, mmoja anabaki na kundi mwingine anatoka naye.

Ndo maana pia usiwape kazi ya nyumbani ya "kamwambie mume wako leo". Mtu akitoka semina akaenda kumsomea mume vifungu mlangoni, kwa nyumba nyingine ni mazungumzo na kwa nyumba nyingine ni kipigo, na wewe kutoka mbele huwezi kujua ni ipi. Kazi salama ni moja: akajue hati iko wapi na ina jina la nani.

Karatasi ya kuondoka nayo

Nusu ukurasa. Zile sentensi tatu, maneno manne na maana zake, orodha ya kopi za kukusanya, simu ya ofisi na siku zake. Kichwa cha karatasi kisiandikwe "Haki za mwanamke dhidi ya mume", andika kitu cha kawaida kama "Karatasi muhimu za familia", ikutwe kwenye mkoba isilete maswali. Wasiosoma wape nafasi ya kurekodi zile sentensi kwa simu ukizisema pole pole, ila waulize kwanza nani mwingine anashika simu hiyo nyumbani.

Kujua kama wameelewa

Zile dakika 5 za mwisho usiulize "mmeelewa?" Wataitikia ndiyo hata kama walikuwa wamelala. Wapange tena wawili wawili, mmoja amwelezee mwenzake kama anamwelezea dada yake ambaye leo hakuja: Mama Tunu alikuwa na haki gani, alifanya nini na karatasi, alienda wapi. Wewe pita katikati ukisikiliza. Ukisikia "mwanaume hawezi kuuza kitu chochote bila mimi" ujue wamepitiliza, simama urudie sentensi ya tatu. Ukisikia "inategemea hati ina jina la nani" ujue kituo cha kwanza hakijaingia, rudia kwa mfano wa Mama Tunu. Kisha rudia kura ya macho kufumba uilinganishe na ile ya mwanzo. Kama kura imebadilika lakini kwenye yale mazungumzo ya wawili hamna aliyetaja ofisi ya kwenda, basi wamejua sheria na hawajajua njia, na hapo mkutano unaofuata anza na kituo cha tatu kabla ya mada nyingine yoyote.

Baada ya wiki tatu nne hivi mpigie katibu, usimuulize semina ilikuwaje, muulize ni wangapi wameona hati kwa macho yao, na kuna yeyote aliyeenda kwenye ile ofisi na alipokelewaje. Kama wameenda wakarudishwa, kazi yako inayofuata ipo kwenye hiyo ofisi, kikundi kisubiri kwanza.